Este, ese na aquel: dalili za kosa, chanzo chake na dawa yake

Anayezungumza Kiswahili hufika kwenye somo la vionyeshi vya Kihispania akiwa na mtaji ambao Mwingereza hana. Mwingereza ana vionyeshi viwili, sisi tunavyo vitatu, na Wahispania wanavyo vitatu. Kitabu kilicho mkononi mwangu ni hiki, *este*. Kilicho kwako ni hicho, *ese*. Kilicho mbali nasi sote wawili ni kile, *aquel*. Hapa, hapo na pale navyo vina wenzao: *aquí*, *ahí*, *allí*. Ulinganisho huu ni wa kweli, nami huwapa wanafunzi wangu siku ya kwanza bila woga.

Tatizo ni kwamba unavuja mahali fulani, na huvuja palepale kila mara. Nimesahihisha daftari za waongoza watalii wa Arusha kwa miaka kadhaa, na makosa ninayoyakuta ni yaleyale machache. Nayaeleza hapa kwa kuanzia na dalili, yaani kile utakachokiona usoni mwa anayekusikiliza, kisha nitafuta chanzo.

Dalili: unaonyesha kitu kilicho karibu, naye anatazama mbali

Hili lilinipata mimi mwenyewe sokoni Valencia, kwenye lile Soko Kuu lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1928. Kwenye masoko ya kule mteja hashiki nyanya wala hachagui. Anasimama upande wake wa meza, muuzaji yuko upande wa pili, na muuzaji ndiye anayeokota na kupima. Nyanya nilizozitaka zilikuwa mbele ya tumbo la mama muuzaji, kama mita moja kutoka kwangu. Nikanyoosha kidole nikasema: *Póngame un kilo de aquellos.* Mama akageuka nyuma, akatazama rafu ya ukutani, akashika nyanya ndogo zilizofungwa kwa mafungu, za bei kubwa. *¿Aquellos de allí?* Kichwani mwangu nilikuwa nimesema "nipe zile". Masikioni mwake nilikuwa nimetaja kitu kilichoko mbali nami na mbali naye pia.

Nilipaswa kusema *de esos*. Nyanya zilikuwa kwake, na kilicho kwa msikilizaji ni *ese*. Angezigusa na kuuliza *¿Estos?*, kwa sababu kwake yeye ziko mkononi, nami ningejibu *Sí, esos*. Ni sawasawa na sisi tunapobadilishana "Hizi?" "Ndiyo, hizo." Hapo Kiswahili na Kihispania havijaachana hata kidogo. Kilichonipoteza ni mazoea yetu: kukiwa na meza katikati, Mswahili husema "zile" bila kufikiri kama kitu kiko kwa mwenzake au la.

Kuna chanzo cha pili kilicho chini zaidi. Kwetu "yule" huanza mapema. Mzee ameketi upande wa pili wa sebule, hatua nne kutoka tulipo mimi na wewe, na bado tunamwita "yule mzee". Mhispania katika sebule hiyohiyo atasema *ese señor*. Kwake *ese* haiishii kwa msikilizaji. Hutanuka na kuchukua karibu kila kinachoonekana ambacho hakiko mkononi mwa msemaji: gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, dirisha la ghorofa ya tatu, ndege aliyetua juu ya mti. *Aquel* huingia pale msemaji anapotaka kusema wazi kwamba kitu kiko mbali kweli, au pale ambapo *ese* imeshatumika kwa kitu kingine na inabidi kutofautisha. *Ese árbol no, aquel*: si mti huo, ule wa kule. Hakuna idadi ya mita itakayokuonyesha mpaka. Kilima hichohicho kinaweza kuwa *ese* kikiwa peke yake machoni, kisha kikawa *aquel* mara kingine kilicho karibu zaidi kinapotajwa.

Dawa yake ni kuongeza kimoyomoyo neno la mahali kabla ya kusema. Kama sentensi inakubali *ahí*, sema *ese*. Sema *aquel* pale tu unapojisikia kuongeza *allí* au *allá*, kwa mkono ulionyooka kabisa. Ukiwa na shaka, chukua *ese*. Anayezidisha *ese* hatambuliki kuwa mgeni. Anayezidisha *aquel* hutambulika mara moja, hasa sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini, ambako katika mazungumzo ya kila siku *ese* imeshachukua nafasi kubwa ya *aquel*.

Kwenye simu hutahitaji dawa yoyote. "Kelele hizo ni za nini?" ni *¿Qué es ese ruido?*, kwa kuwa kelele ziko kwako. Amini sikio lako la Kiswahili.

Dalili: maandishi yako yamejaa *aquel*, na msomaji anadhani unakumbuka enzi za ujana

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na ni wachache wanaoambiwa chanzo chake. Mwanafunzi mmoja aliandika ngano aliyoifahamu tangu utotoni. Kwa Kiswahili ilikwenda hivi: "Palikuwa na mfalme. Mfalme yule alikuwa na binti. Yule binti hakusema neno. Siku moja akaja mchungaji, na yule mchungaji akamwambia yule mfalme..." Akaitafsiri:

*Había un rey. Aquel rey tenía una hija. Aquella hija no hablaba. Un día llegó un pastor, y aquel pastor le dijo a aquel rey...*

Hakuna neno lililokosewa hata moja, na bado Mhispania hawezi kuisoma bila kuchoka. Kila *aquel* inamwambia: tazama mbali, kumbuka, mtenge huyu na wengine. Kwa Kiswahili "yule binti" haisemi hayo. Inasema tu kwamba ni binti tuliyekwisha kumtaja, unamjua. Kiswahili hakina neno dogo la kufanya kazi hiyo peke yake, kwa hiyo tumeikabidhi "yule", hasa inapotangulia nomino. Kihispania kinalo neno hilo: *el*, *la*, *los*, *las*. Basi ngano inakuwa hivi:

*Había un rey. El rey tenía una hija. La hija no hablaba. Un día llegó un pastor, y el pastor le dijo al rey...*

Jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha ni kwamba *el* na *aquel* ni ndugu wa damu. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kilatini, *ille*, yaani "yule". *Aquel* ni *ille* iliyotanguliziwa neno la kuita macho, kama kusema "tazama, yule". *El* ni *ille* hiyohiyo iliyochakaa kwa matumizi hadi ikabaki bila umbali. Kwa hiyo "yule" yetu inabeba kazi mbili ambazo Kilatini kiliwagawia watoto wawili, na unapotafsiri huna budi kuuliza ni kazi ipi.

Namna ya kuuliza ni rahisi. Ondoa "yule" katika sentensi yako ya Kiswahili, weka mkono mfukoni, uone kama maana imebaki. "Yule mwalimu aliyetufundisha hesabu amestaafu." Huonyeshi mtu wala hutofautishi. Unamtambulisha kwa maneno "aliyetufundisha hesabu", na hayo yanatosha: *El profesor que nos enseñó matemáticas se ha jubilado.* "Yule wa jana amerudi" ni *El de ayer ha vuelto.* Lakini ukisema *aquel profesor que nos enseñó matemáticas*, si kosa. Umeongeza harufu ya miaka iliyopita na mapenzi kidogo. Iongeze ukiwa umeikusudia. Hata katika ngano, *aquel rey* moja mahali panapofaa ni nzuri sana. Saba ndizo zinazoua.

Na *ese* je? Imetoka kwa *ipse*, Kilatini cha "mwenyewe". Nadhani ndiyo sababu inatulia vizuri kwenye jambo lililotajwa punde, kama -o yetu katika "huyo" na "hilo". *Por eso* ni "kwa hiyo", na -o imekaa palepale. *Eso no lo sé* ni "hilo silijui". Kwenye njia hii unaweza kukimbia bila kujikwaa. Kuna *a eso de las tres* pia, "mnamo saa tisa hivi", ambayo huna budi kuikariri tu.

Dalili: umemtambulisha mtu kwa heshima, na wageni wamenyamaza

Mwongoza watalii mmoja alinijia baada ya safari. "Mwalimu," akasema, "nilimtambulisha mpishi wetu, wale wageni wakatazamana. Nimemtukana?" Nikamwomba anirudie maneno yake. Alikuwa amesema: *El señor este es nuestro cocinero.*

Kiswahili hupenda kionyeshi nyuma ya nomino. "Bwana huyu" ni lugha safi kabisa, yenye adabu. Kihispania hukiweka mbele: *este señor*. Kukiweka nyuma kunaruhusiwa, ila ni lazima nomino itanguliwe na *el* au *la*, na mara nyingi sauti yake ni ya dharau au ya kuchoshwa. *El señor este* inakaribia "hili libwana". *El coche ese* ni gari linalokusumbua, au ambalo hutaki hata kulitaja vizuri. Marafiki wawili huitumia bila ubaya wanapotafuta jina lililowatoka, lakini mgeni hawezi kupima utani huo mapema.

Nilimwambia: "Hukumtukana, baba, ila wamesikia kama umemchoka." Wiki iliyofuata alisema *Este señor es nuestro cocinero*, na mpishi akapigiwa makofi.

Dalili hii ina ndugu yake. Kionyeshi kikisimama peke yake kumtaja mtu aliyepo, kinachoma. *Este es mi padre* ni utambulisho wa kawaida kabisa. Lakini *Este dice que no quiere*, baba akiwa anasikia, ni utovu wa adabu, na *esa* kwa mwanamke aliyekaa nawe mezani ni mbaya zaidi. "Huyu anasema hataki" kwetu si kali kiasi hicho. Mtu akiwepo, taja jina lake, au sema *él* na *ella*, au weka nomino: *este señor*, *esa señora*.

Dalili: msomaji hajui mambo yametokea lini

Kwenye wakati wengi husema: este ni sasa, ese ni juzi, aquel ni zamani. Kanuni hiyo itakuangusha, maana kalenda siyo inayopima.

Chukua mwaka 1992, wenye matukio mawili ambayo Wahispania hawayasahau: Michezo ya Olimpiki ya Barcelona na Maonyesho ya Dunia ya Sevilla. Mwanafunzi anaandika:

*En 1992 se celebraron los Juegos Olímpicos de Barcelona. Este año se celebró también la Exposición de Sevilla.*

Msomaji anasimama. *Este año* ni mwaka anaouishi yeye anaposoma, basi Sevilla imeingiaje? Mwanafunzi alikuwa na sababu yake. Alijua kwamba *este* hutumika kwa jambo lililotajwa sasa hivi, na ni kweli: ukieleza tatizo kisha ukaandika *este problema*, umeandika vizuri. Lakini maneno yanayopima wakati, yaani *día*, *semana*, *mes*, *año*, *siglo*, hukataa mchezo huo. Yakishikana na *este* hurukia sasa ya msemaji moja kwa moja. Panapohitajika "mwaka huohuo", andika *ese mismo año*, na Kiswahili chako kilikuwa kimeshakuambia: huo, si huu.

Endeleza aya hiyohiyo: *Aquel verano yo tenía diez años y veía los Juegos en casa de mi abuela.* Mwaka ni uleule wa 1992, umbali wa kalenda haujaongezeka hata siku moja, lakini *ese* imekuwa *aquel*. Sentensi ya kwanza ilikuwa inapanga matukio. Hii inafungua mlango wa nyumba ya bibi ambayo haiko tena. Kiswahili hufanya vivyo hivyo. "Mwaka huo" ni wa mwandishi wa taarifa, "mwaka ule" ni wa anayekumbuka. "Enzi zile" ni *en aquella época*, na "wakati ule" ni *en aquel entonces*. Fuata moyo wa Kiswahili hapa, utakufikisha.

Ila usiupeleke kwenye siku zijazo bila kuangalia. "Siku hiyo utakapofika, nitakupokea" ni *ese día*. *Aquel* katika mazungumzo ni ya yaliyopita. Kwa yajayo utaikuta katika maandiko ya dini, kwenye unabii, na ukiitumia kupanga safari ya Jumamosi utasikika kama nabii.

Usiku una mtego wake. *Esta noche* kwa kawaida ni usiku wa leo unaokuja: *Esta noche cenamos fuera*, leo usiku tunakula nje. Lakini mtu wa Madrid akiamka saa moja asubuhi, macho mekundu, husema *Esta noche he dormido fatal*, na anamaanisha usiku wa kuamkia leo. Kitenzi ndicho kinachoamua: *he dormido* imetazama nyuma. Mmeksiko asubuhi hiyo atasema *Anoche dormí mal*. Ukisema *anoche* utaeleweka kila mahali. Lakini sikio lako lifungue kwa *esta noche* zote mbili, la sivyo utadhani mwenyeji wako anatabiri kwamba atalala vibaya.

*Este lunes* nayo ni hivyohivyo: *este lunes fui* ni Jumatatu iliyopita, *este lunes iré* ni ijayo.

Dalili: *esto libro*

Hili ni dogo lakini halifi upesi. Wingi ni *estos libros*, basi mtu anadhani umoja ni *esto*. Sivyo. Kiume ni *este, ese, aquel*, wingi *estos, esos, aquellos*. Kike ni *esta, esa, aquella*, wingi kwa -s. *Esto, eso, aquello* hazikai na nomino kamwe, wala hazina wingi. Ni za kitu kisicho na jina bado, au jambo zima lililosemwa. Sisi kwa kazi hiyo tuna ngeli: kitu tusichokijua tunakiuliza kwa ki-, "hiki ni nini?", na jambo tunalirejelea kwa li-, "hilo siyo kweli". *¿Qué es esto?* na *Eso no es verdad.* Neno likishajulikana, jinsia yake huchukua nafasi: *¿Qué es esto? Es una llave. Esta llave no es mía.*

Maji yanastahili kutajwa. Husemwa *el agua*, lakini *agua* ni ya kike, na *el* imewekwa ili a mbili zisigongane. Kionyeshi hakihusiki na kugongana huko: *esta agua*, *aquella agua*. Ukimsikia Mhispania akisema *este agua*, naye ameteleza, na huteleza wengi.

Dalili: umeelewa kinyume cha kilichoandikwa

Hii ni ya kusoma zaidi kuliko kusema. *Lima y Bogotá son capitales: esta se encuentra en los Andes y aquella, junto al Pacífico.* Yaani ni miji mikuu miwili, mmoja uko kwenye milima ya Andes na mwingine kando ya Pasifiki. Asiyejua ataiweka Lima mlimani. Katika maandishi umbali unapimwa kwa kurudi nyuma kwenye mstari. *Esta* ni iliyotajwa mwisho, iliyo karibu na jicho, Bogotá. *Aquella* ni ya mwanzo, Lima. Weka kidole kwenye kionyeshi na urudi kushoto: jina la kwanza kulikuta ni la *este*.

Na ukikuta *ésta* na *aquélla* zenye alama juu, usifute wala usiige. Zamani alama hiyo iliwekwa kionyeshi kinaposimama bila nomino, na mwaka 2010 Akademia ya Kihispania ilishauri iachwe, hivyo vitabu vya kabla na vya baada vitatofautiana mezani pako. Lakini *esto*, *eso* na *aquello* hazikuwahi kuhitaji alama, kwa kuwa hazina nomino ya kuchanganyikiwa nayo. Ukiona *ésto* yenye alama, hilo ni kosa la mwandishi, hata kama kitabu ni cha zamani.